Kahawa ya kumimina inatoka chungu na inakausha mdomo, na nikipunguza kahawa ndo inazidi

*Mkuu naomba msaada. Nina dripa ya koni, filta za karatasi, grainda ya mkono na mizani ndogo. Naweka kahawa gramu 15 kwa maji gramu 250, nimesaga laini kabisa ili itoe ladha yote, maji yakichemka tu namimina kidogo kidogo kama mara 6, na mpaka imalize kushuka ni dakika 5 hivi. Inatoka chungu, inakwaruza koo na ulimi unakauka. Nikaambiwa punguza kahawa, nikashusha mpaka gramu 11, ikazidi kuwa mbaya, yaani maji maji afu chungu vilevile. Nakosea wapi?*

Kaka, hilo la mwisho ulilosema ndo limenipa jibu lote. Ungeishia kwenye uchungu tu ningekuuliza maswali kumi, lakini ukishasema nimepunguza kahawa na ikazidi kuwa mbaya, basi hapo hamna cha kubahatisha, kahawa yako inakamuliwa kupita kiasi. Na aliyekwambia upunguze kahawa alikuwa na nia nzuri tu ila amechanganya vitu viwili ambavyo karibu kila mtu anavichanganya, kahawa kuwa nzito na kahawa kukamuliwa sana.

Uzito ni kiasi gani cha kahawa kimeyeyuka ndani ya kikombe ukilinganisha na maji. Kukamuliwa ni kitu kingine kabisa, ni kila chenga ya kahawa imetoa sehemu gani ya vitu vyake. Kahawa iliyochomwa, ukiipika mpaka ichoke kabisa, kama asilimia 30 ya uzito wake inaweza kuyeyuka kwenye maji, iliyobaki ni kama mbao tu, haiyeyuki. Ila hiyo 30 yote hatuitaki. Tangu miaka ya 1950 watu wa fani hii wamekuwa wakilenga asilimia 18 mpaka 22 na mpaka leo kwa kahawa ya kuchuja hapo ndo wengi wanapapenda. Kwa gramu zako 15 hiyo ni kama gramu 3 tu zinazoingia kwenye kikombe, gramu 12 zinabaki kwenye filta na unazitupa, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Sasa angalia ulichofanya uliposhusha mpaka gramu 11. Maji ni yaleyale 250, usagaji ni uleule, chenga zimepungua, kwa hiyo kila chenga imepitiwa na maji mengi zaidi kuliko mwanzo. Kikombe kikawa chepesi kwa sababu kahawa ni kidogo, halafu kila chenga ikakamuliwa zaidi kwa sababu maji ni mengi kwake. Chepesi na chungu kwa pamoja, ndo hiyo uliyoielezea. Ni kama majani ya chai ambayo umeshayapikia mara moja unayarudishia maji mengine yachemke tena, unapata maji ya rangi yenye ukakasi.

Na hapo kwenye ukakasi naomba tukae kidogo, manake ndo dalili yako muhimu kuliko uchungu. Uchungu ni ladha, na kahawa yoyote lazima iwe na uchungu kiasi, hata iliyotengenezwa vizuri. Ukakasi sio ladha, ni hisia, ile ya ulimi na mashavu kuwa makavu kama umetafuna ndizi ambayo haijaiva. Inatokea pale vitu fulani kwenye kahawa vinaposhikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, mdomo unakwaruza. Kwa hiyo usijiulize tu ni chungu au sio chungu, meza halafu subiri sekunde kumi, upitishe ulimi juu ya kaakaa. Kama unakwama kwama, unahisi kama kitambaa, hiyo imepitiliza. Kama uchungu umekuja ukaondoka na mdomo umebaki na utamu tamu na mate yapo, hiyo kahawa ni nzito tu au imechomwa sana, ni kesi tofauti.

(Ndo maana pia wanaokunywa na maziwa hawalalamiki. Protini za maziwa zinashikana na vile vitu kabla havijafika kwenye mate yako. Wanakunywa kahawa imepitiliza kila siku na wako na amani yao.)

Kabla hujagusa chochote kwenye grainda fanya jaribio hili moja, ni la dakika mbili. Tengeneza kahawa yako kama kawaida na gramu 15, igawe vikombe viwili, kimoja kiache, kingine ongeza maji ya moto kama robo ya kahawa iliyomo. Onja vyote vikiwa vya uvuguvugu, sio vya moto sana manake moto unaficha. Kama cha maji kimekuwa kitamu zaidi, ukakasi umeondoka, basi tatizo lako lilikuwa uzito na kweli ulihitaji kupunguza kahawa. Kama kimekuwa chepesi lakini ulimi bado unakauka, maji hayasaidii, ulichotoa kwenye chenga kimeshatoka na hakirudi. Wewe kwa maelezo yako najua utapata hili la pili ila lifanye tu, ukishalionja mara moja kwa ulimi wako hutakuja kuchanganya tena maisha yako yote.

Ukiwa na hamu zaidi kuna jingine nalipenda sana. Weka glasi tatu pembeni, anza kuchuja, ikishuka kama gramu 70 hamisha dripa kwenye glasi ya pili, 70 nyingine hamisha ya tatu. Onja. Ya kwanza itakuwa nzito, kali ya uchachu, karibu na chumvi chumvi. Ya pili nyepesi kidogo na tamu. Ya tatu ina rangi kama chai na humo ndo kuna uchungu mtupu na ukavu wako. Ya tatu huwa haipendezi peke yake hata kwenye kahawa nzuri, ila kwenye kahawa nzuri inakuwa dhaifu tu haina kitu, haikwaruzi. Kwako itakwaruza.

Sasa kwa nini chenga zako zinakamuliwa hivyo. Umeandika mwenyewe, nimesaga laini kabisa ili itoe ladha yote. Hapo ndo mzizi. Maji hayakamui chenga kutoka nje tu, yanaingia ndani, yanayeyusha, halafu vile vilivyoyeyuka vinatembea kutoka katikati ya chenga mpaka nje. Chenga ikiwa kubwa safari ni ndefu, ikiwa ndogo safari ni fupi na vyote vinatoka haraka, vizuri na vibaya. Vyepesi vinatangulia, asidi na kafeini, vizito vya uchungu na ukakasi vinachelewa. Ukisaga laini umevifupishia njia vile vizito, afu na dakika 5 juu yake umewapa na muda.

Lakini kuna la pili ambalo watu hawalioni, vumbi. Grainda yoyote, hata ya bei mbaya, haitoi chenga za saizi moja, inatoa chenga pamoja na vumbi laini kama unga, na ukiweka laini zaidi vumbi linaongezeka. Hilo vumbi linafanya makosa mawili. Lenyewe linakamuliwa lote ndani ya sekunde chache tu. Na ukimimina maji kwa nguvu linaelea, linashuka na maji mpaka kwenye karatasi na kuziba vitundu vya filta, ndo maana maji yanasimama juu na dripa inatoa tone, tone, tone. Sasa chenga zote zilizobaki zimekaa kwenye maji ya moto zinasubiri foleni, na huku zinazidi kukamuliwa.

Unaweza kujua ni lipi linakusumbua zaidi kwa kuangalia tu jinsi inavyoshuka. Kama inashuka polepole tangu mmimino wa kwanza, usagaji wenyewe ni laini mno. Kama mwanzo inaenda vizuri, mmimino wa pili sawa, halafu kuanzia wa nne inaanza kukwama mpaka mwisho inadondoka tone moja moja, hiyo ni filta imezibwa na vumbi, na kinacholisogeza vumbi ni mkono wako. Ukimaliza angalia machicha pia. Uso wa juu ukiwa na tope laini linalong'aa kama udongo wa mfinyanzi, ni vumbi. Ukikuta shimo au mfereji upande mmoja, maji yalipita hapo kwa njia ya mkato, chenga za kando ya mfereji zimekamuliwa mpaka basi na za upande wa pili hazijaguswa vizuri. Ya namna hiyo inakuwa chungu na chachu kwa wakati mmoja, na watu wanachanganyikiwa hawajui waelekee wapi.

Jana nilichukua kipimo chako hichohicho nikakirudia kwangu, kahawa ya kuchomwa wastani, gramu 15, maji 250, nikasaga laini mpaka nikapata muda kama wako. Dakika 5 na sekunde chache. Nikaionja na kweli bana, koo lilikwaruza.

Cha kwanza nikagusa grainda tu, mengine yote nikayaacha, maji yaleyale ya kuchemka, mimimino ileile 6. Nikafungua kliki 4, yaani hatua 4 za kulegeza meno ya grainda ili chenga ziwe kubwa zaidi. Usifuate hiyo namba kama ilivyo, kliki za grainda yangu sio kliki za grainda yako, nyingine kliki moja ni padogo sana nyingine ni hatua kubwa, unachofuata ni saa na ulimi. Ikashuka kwa dakika 3 na sekunde 50. Tofauti kubwa, ule mkwaruzo wa koo ukaondoka, kuna utamu umeanza kuonekana katikati, lakini kikombe kikipoa ukakasi unarudi nyuma ya ulimi. Hiyo ya kusubiri kipoe ni muhimu, usihukumu kikiwa cha moto.

Nikafungua kliki 3 zaidi. Dakika 3 na 20. Bora tena ila kidogo tu, na nikaona mwisho bado inakwama, machicha yana tope juu. Hapo ningeendelea kufungua ningefika mahali chenga ni kubwa mno zinakamuliwa kidogo huku vumbi bado linaziba, ningepata kile kikombe cha chachu na chungu. Kwa hiyo nikaacha grainda, nikageukia mkono.

Mimimino 6 ni mingi kaka. Kila ukimimina unachokoza upya kitanda cha kahawa, yaani ile kahawa iliyolala kwenye filta, vumbi linainuka, na kila safari ni maji mapya safi ya moto yanayokuja na njaa yao. Maji ambayo tayari yana kahawa ndani yanakamua polepole, maji safi yanakamua kwa kasi, ndo maana kugawa mara nyingi kunakamua zaidi kuliko kumimina mara chache. Nikapunguza mpaka 3. Wa kwanza ni wa kulowesha tu, gramu 45, yaani mara tatu ya kahawa, unahakikisha yote imelowa, inaumuka na kutoa mapovu ya gesi, unaiacha sekunde 40. Usiruke hii hatua, kuna watu wanadhani kwa vile kahawa inakamuliwa sana basi waondoe kulowesha. Hapana, gesi isipotoka inasukuma maji pembeni na ndo mfereji unaanzia hapo. Halafu wa pili mpaka mizani isome 150, ikishuka karibu na kitanda, wa tatu mpaka 250.

Na namna ya kumimina, mdomo wa birika uwe karibu, kama vidole vitatu vinne juu ya maji, mkondo mwembamba usiotoboa. Zungusha taratibu kuanzia katikati ukitoka nje kidogo halafu urudi, usipige ukutani kwenye karatasi manake maji ya ukutani yanateleza nyuma ya kahawa na kushuka bila kufanya kazi. Mimi kwa miaka nilikuwa nakoroga kwa kijiko kila baada ya kumimina, nikiamini nasawazisha, na kila siku nalaumu waliochoma kahawa. Siku nilipoacha kijiko muda ulipungua karibu nusu dakika bila kugusa grainda. Saivi nikimaliza mmimino wa mwisho nainua dripa nazungusha mara moja kidogo tu ili kitanda kilale sawa, basi.

Kwa kipimo chako, mimimino 3, ikashuka kwa dakika 2 na 55. Kitanda kimelala flati, hamna tope. Ladha safi, uchungu upo ila ni ule wa kahawa, unapita, mdomo unabaki na mate.

Nikasema ngoja niharibu upande wa pili nijue mpaka uko wapi, nawe fanya hivyo hivyo usiogope kupoteza gramu 15. Kliki 4 zaidi, ikashuka kwa dakika 2 na 20, ikawa chachu kali, nyepesi, inaisha mdomoni ghafla kama imekatwa, haina utamu. Hiyo sasa haijakamuliwa vya kutosha. Nikarudi kliki 2 na hapo ndo nyumbani kwa kahawa ile, dakika 2 na 40. Namna rahisi ya kukumbuka, unasaga laini hatua kwa hatua kadri kahawa inavyozidi kuwa tamu, siku ukihisi ukavu wa kwanza unarudi hatua moja nyuma na kukaa hapo.

Usije ukaifanya dakika 3 kuwa amri lakini. Saa inakwambia kama leo umefanya sawa na jana, haikwambii kahawa ni nzuri. Kuna kahawa zinatoa vumbi jingi zaidi kwa asili yake, nyingi za Ethiopia ziko hivyo, zinashuka kwa dakika 3 na nusu na ni safi kabisa, ukizilazimisha ziende haraka unazipoteza. Ukibadili mfuko wa kahawa anza upya kwa ulimi.

Umetaja pia maji ya kuchemka na najua ulitegemea niyaweke mbele. Nimeyaweka huku nyuma makusudi. Moto unaongeza kasi ya kukamua, ni kweli, ila nguvu yake ni ndogo kuliko usagaji, na maji ya kuchemka yakigusa dripa na kahawa yanapoa palepale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walichapisha mwaka 2020 jaribio ambalo walichuja kwa nyuzi 87, 90 na 93 huku wakihakikisha uzito na ukamuaji vinabaki sawa, na waonjaji wakaona tofauti ndogo sana. Yaani moto wenyewe hauunguzi kahawa kama watu wanavyosema, unaibadili kupitia ukamuaji, na ukamuaji unaushika kwa grainda. Kwa kahawa ya kuchomwa kidogo au wastani mimi namimina maji yakitoka tu kwenye moto na sina wasiwasi.

Ila iliyochomwa sana, ile nyeusi inayong'aa mafuta, hapo moto ushushe mpaka 85 hivi au 88. Kahawa ya hivyo imekuwa na vitundu vidogo vingi ndani, inavunjika kirahisi, inatoa kila kitu haraka, na uchungu mwingi umeshatengenezwa kwenye kuchoma kwenyewe kabla hata haijafika kwako. Kama huna kipima joto, birika likichemka toa kifuniko uache dakika 3 mpaka 5 kutegemea na birika. Kwa hiyo pia saga chenga kubwa zaidi. Na ukubali kwamba kuna uchungu hautauondoa kwa ufundi wowote, utaondoa ukavu tu. Vilevile kama mfuko una robusta ndani, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na uchungu wake ni wa asili, usijilaumu.

Kitu kingine kidogo kinachofanana na tatizo hili na sicho. Grainda isiyosafishwa. Mafuta ya kahawa ya zamani yanachacha kwenye meno ya grainda na kwenye jagi, na uchungu wake unafanana na mafuta yaliyokaa, hauna ukakasi ila unabaki puani. Fungua, futa kwa brashi kavu, jagi lioshe kwa sabuni sio kusuuza tu. Ukibadilisha kahawa tatu tofauti na zote zina uchungu uleule, anza hapo.

Na kama mtu anasoma hii na grainda yake ni ile ya kisu kinachozunguka, ya kubonyeza, hesabu zangu za kliki hazimhusu. Ile inatoa mabonge na unga kwa pamoja, na ukibonyeza muda mrefu unga ndo unaongezeka. Bonyeza kwa vipande, sekunde 1 au 2, tikisa, bonyeza tena, halafu pitisha kwenye kichujio cha chai chenye matundu madogo kabisa uupoteze ule unga unaodondoka. Pima gramu zako 15 baada ya kuchekecha, sio kabla. Inasaidia kuliko mtu anavyodhani, kwenye kahawa yenye ukakasi unaweza kuisikia tofauti siku hiyohiyo.

Kuna njia moja ya mkato nitakupa kwa zile asubuhi ambazo umeshamimina na unaona inakwama, saa inasoma dakika 4 na bado kuna maji juu. Usisubiri. Ondoa dripa, weka kwenye sinki, achana na hayo maji yaliyobaki. Kumbuka glasi ya tatu, hicho kinachodondoka saa hizo ni uchungu mtupu na kina kahawa kidogo sana. Pima kilichopo kwenye jagi, kawaida kahawa inabaki na maji kama mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo kwa 15 na 250 ulitakiwa upate karibu 220. Kama una 180 tu, ongeza 40 za maji ya moto moja kwa moja kwenye jagi bila kupitia kahawa. Ujazo umerudi, ukakasi umeuacha kwenye sinki.

Na hiyo unaweza kuifanya kuwa njia yako ya kila siku ukitaka, hasa kama grainda yako haifunguki vizuri. Gramu 15, maji ya kuchujia 200 tu, halafu 40 unaongeza mwisho. Kila chenga imepitiwa na maji machache, inakamuliwa kidogo, na kikombe bado kinajaa. Utaona ni kinyume kabisa cha ulichoambiwa, umepunguza maji yanayopita kwenye kahawa badala ya kupunguza kahawa.

Kwa hiyo kesho rudi gramu 15, usibaki kwenye 11. Maji 250 yaleyale, mimimino 3, fungua grainda mpaka ishuke kama dakika 3 na robo, hapo uonje ikiwa ya uvuguvugu halafu uendelee kliki mbili mbili. Kuanzia hapo badili kimoja kwa siku. Ukibadili usagaji na moto na mimimino kwa pamoja na ikawa nzuri hutajua ni nini kilisaidia, na ikiwa mbaya ndo kabisa.

Na kama ile ya leo asubuhi bado iko mezani na hutaki kuimwaga, weka chumvi, punje chache sana, yaani ukiisikia chumvi umezidisha. Chumvi inapunguza jinsi ulimi unavyousikia uchungu. Ukavu hautaondoka, huo chumvi haiuwezi, hapo ni maziwa tu.